Waraka wa kurasa mbili kwa Mamlaka ya Mawasiliano: uweke ushahidi gani, na uombe nini

*"Kaka, salaam. Mimi ni katibu wa kamati ya wazazi shule moja ya msingi huku Likoni. Wazazi wamechoka na vitu watoto wanaona kwa simu, sasa tumekubaliana tuwaandikie Mamlaka ya Mawasiliano waraka wa sera. Tumehoji wazazi 60 na tuna skrinshoti kibao. Ni ushahidi gani wataukubali, na mapendekezo tuyaandike vipi yasiishie kwa droo?"*

Dadangu, kabla hujaandika hata sentensi moja, rudi kwa hizo skrinshoti kwanza. Zipitie peke yako, si kwenye mkutano wa kamati. Ukikuta hata moja ina picha ya mtoto akiwa uchi au akifanyiwa kitu cha ngono, simama hapo hapo, usiifowadi kwa mtu, usiiprinti, na usithubutu kuiambatisha kwa waraka. Kifungu cha 24 cha sheria yetu ya uhalifu wa mtandaoni ya 2018 kinafanya hata kuwa nayo tu kwa simu ni kosa, faini mpaka milioni 20 ama jela mpaka miaka 25, na wewe hutaki kuanza kujieleza kwamba ulikuwa na nia njema. Piga 116, ni bure, au nenda na simu yenyewe kwa kitengo cha DCI cha kulinda watoto, wana ofisi hapo Mombasa. Kwa waraka utaandika kwa maneno tu: tarehe, saa, jukwaa gani, ilikuwa video ya namna gani, na kwamba mliripoti. Basi. Nimeanza na hili manake nimeona watu wazuri kabisa, wazazi wenye uchungu, wanazungusha video kwa grupu la WhatsApp la darasa la sita wakisema "oneni watoto wetu wanachofanyiwa", na hapo washamdhuru yule mtoto mara ya pili na wamejitia hatiani wenyewe.

Haya, tuje kwa droo.

Waraka wangu wa kwanza wa hivi niliandika kurasa 19. Nilitia kila kitu ndani: kamari, ngono, matusi, michezo ya kuuana, changamoto za hatari za TikTok, watoto kuibiwa akaunti, mpaka sauti za muziki kwa matatu. Mwisho nikaomba "serikali ichukue hatua kali". Nikajibiwa kwa barua ya mistari mitatu kwamba umepokelewa. Miaka baadaye nikakaa meza moja na mtu aliyekuwa kazi yake kusoma makaratasi kama yale, akaniambia kitu ambacho sijakisahau: "Sikujua ukitaka nifanye nini Jumatatu asubuhi." Alikuwa sawa. Mimi nilikuwa namlalamikia, sikuwa namuomba kitu anachoweza kukifanya.

Kwa hivyo cha kwanza ni kujua Mamlaka ina mkono unaofika wapi. Inatoa leseni kwa stesheni za redio na tivii, na kwa kampuni za simu na intaneti. Hao wakienda kombo inaweza kuwaita, kuwapiga faini, kuwawekea masharti. Lakini TikTok, YouTube, Facebook hawana leseni ya utangazaji ya Kenya. Mamlaka inaweza kuwaandikia na kuwaomba, na huwa inafanya hivyo, ila si sawa na kumwambia mtu mwenye leseni yako. Vyeti vya filamu na umri ni bodi ya filamu, KFCB. Picha na taarifa binafsi za mtoto ni kamishna wa data, na huyo hana mchezo, 2023 alipiga shule moja faini ya zaidi ya milioni 4 kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila ruhusa ya wazazi. Jinai ni DCI. Ukimwandikia Mamlaka kitu cha DCI atakurudishia kwa adabu na utapoteza miezi mitatu.

Watu hupenda sana kusema "mbona Uingereza wanaweza". Ofcom kweli ni mdhibiti wa utangazaji kama huyu wetu, na sasa inaweza kuipiga kampuni faini mpaka asilimia 10 ya mapato yake ya dunia nzima. Lakini nguvu hiyo haikutoka kwa Ofcom yenyewe, bunge lao lilipitisha sheria ya usalama mtandaoni 2023, na yale masharti ya kulinda watoto yakaanza kufanya kazi Julai 2025. Australia nao walipitisha sheria bungeni 2024 ndio wakazuia akaunti za mitandao ya kijamii kwa walio chini ya miaka 16 kuanzia Desemba 2025. Kwa hivyo ukitaka hayo, waraka wako uende bungeni. Huu wa Mamlaka uombe kitu ambacho mkono wao unafika leo.

Na kipo. Ngoja nikupe kisa.

Mwaka jana nilikuwa kwa dadangu Kisauni, asubuhi, saa moja kasorobo. Mpwa wangu wa miaka tisa ameshika simu ya mamake huku anakunywa chai, anacheka. Nikachungulia. Ni klipu ya stesheni moja, kipindi cha usiku wa manane cha mapenzi, mtangazaji na mgeni wanaelezana mambo ya kitandani bila hata kuzungusha maneno. Klipu haikutoka kwa mhuni fulani asiyejulikana, imetoka kwa ukurasa rasmi wa stesheni yenyewe, ile alama ya kuthibitishwa iko, na imewekwa saa kumi na mbili asubuhi. Sasa fikiria. Kanuni za vipindi za Mamlaka zinasema kati ya saa 11 alfajiri na saa 4 usiku hewani kusiwe na maudhui ya watu wazima, manake watoto wako macho. Ile stesheni hewani iliheshimu, kipindi kilirushwa baada ya saa 4 usiku. Halafu ikakata kipande kitamu zaidi, ikakiweka YouTube asubuhi yake, na mtoto akakipata na chai. Ukuta tumeujenga mbele, nyuma hakuna hata ua wa makuti.

Hilo dadangu ndilo ningechagua mimi kama ningekuwa kamati yenu. Si kwamba ndilo jambo baya kuliko yote mtandaoni, hapana, mtu mzima kumtongoza mtoto kwa inboksi ni baya mara mia. Ila hili ndilo ambalo mdhibiti ana mwenye leseni wa kumshika, linahesabika, na dawa yake ni ndogo. Waraka ukibeba jambo moja la namna hii mpaka mwisho unafungua mlango wa mengine.

Sasa ushahidi. Chukueni kurasa za YouTube za stesheni tano ambazo watoto wa huko kwenu wanazijua, na kwa siku 14 mfululizo mtu aandike kila klipu inayotoka kwa vipindi vya baada ya saa nne usiku. Nasema YouTube na si TikTok wala Facebook kwa sababu moja tu, YouTube ndiko rahisi kuhakikisha. Fungua video kwa dirisha la faragha la brauza, bila kuingia kwa akaunti yoyote. Kama ina kizuizi cha umri itakataa, itakwambia uingie uthibitishe umri. Ikicheza moja kwa moja, haina kizuizi, mtoto yeyote anaiona. Kwa hiyo jibu ni ndio au la, hakuna mtu atakayekuja kusema wazazi wa Likoni wana hisia kali.

Jedwali lenu liwe na nguzo chache tu: stesheni, linki, tarehe na saa ilipowekwa, kipindi ilikotoka na saa kilichorushwa, ina kizuizi au haina, na sentensi moja ya kusema ndani kuna nini. Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo inaleta ugomvi, kwa hivyo kila klipu iangaliwe na watu wawili tofauti ambao hawajaulizana, kila mmoja aamue kivyake kama ingeruhusiwa hewani saa nane mchana. Wakitofautiana, hiyo klipu itoe kwenye hesabu na useme umetoa ngapi. Watu wanaogopa kutoa, wanaona inapunguza namba. Inaongeza nguvu, manake anayesoma akiona umetupa 11 ulizokuwa na shaka nazo, zile zilizobaki anaziamini.

Tuseme mfano tu, si namba za kweli, mkimaliza mna klipu 120 mlizokubaliana kwamba hazingeruhusiwa hewani mchana, 90 ziliwekwa mchana, na kati ya hizo 90 ni 4 tu zenye kizuizi. Basi sentensi yenu ya kwanza kabisa kwa waraka ni hii:

*"Katika siku 14, stesheni tano zenye leseni ziliweka mchana klipu 90 za maudhui ambayo Kanuni za Vipindi haziruhusu hewani saa hizo. 86 kati ya hizo zinaweza kufunguliwa na mtoto bila kuulizwa umri."*

Hiyo peke yake inasomwa kwa sekunde kumi. Ina muda, ina jumla, ina sehemu ya jumla. Linganisha na "maudhui machafu yamezagaa mno mitandaoni", ambayo hata mimi nikiisoma nageuza ukurasa.

Kuhusu wazazi wenu 60, msizitupe zile karatasi, lakini msiziweke pale ambapo hazifiki. Hao ni wazazi waliokuja mkutanoni, na mzazi anayekuja mkutanoni si sawa na yule anayeuza samaki mpaka saa tatu usiku asiyejua mtoto kashika simu ya nani. Halafu mzazi anasema alichokiona yeye, mtoto kaona zaidi. Kwa hivyo usiandike "asilimia 80 ya watoto wa Likoni", andika "wazazi 48 kati ya 60 tuliowahoji walisema", kama ni 48, na uambatishe swali lenyewe mlivyouliza. Kama mliuliza "je, una wasiwasi na mtandao?" hilo halisaidii, nani atasema la. Kama mliuliza "katika siku 30 zilizopita uliona kwa macho yako mtoto wako akitazama kitu ambacho ulimnyang'anya simu, kilikuwa nini, kwa simu ya nani, saa ngapi", hapo mna dhahabu. Hasa hiyo "simu ya nani". Nakuwekea dau wengi watasema simu ya mama, na utaona chini kwa nini hilo linabadilisha mapendekezo yako. Na tafadhali msiende kuhoji watoto wenyewe kuhusu mambo ya ngono kwa karatasi ya maswali. Ukimuuliza mtoto na akakufungukia, lazima uwe na mtu wa kumpokea siku hiyo hiyo, na kamati ya wazazi haina.

Juu ya yenu weka ushahidi wa kuazima, lakini kidogo. Mimi ningeazima viwili.

Kimoja ni ule utafiti wa Kenya uliotolewa 2021 na ECPAT, INTERPOL na kitengo cha utafiti cha UNICEF. Walihoji zaidi ya watoto elfu moja wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti, nyumba kwa nyumba. Ulionyesha mambo mawili ambayo wazazi wengi hawayategemei: anayemdhuru mtoto kupitia simu mara nyingi ni mtu mtoto anamjua tayari, na watoto walio wengi waliopatwa hawakwenda polisi wala hawakupiga 116, kama walimwambia mtu basi ni rafiki, wengine hawakumwambia yeyote. Hilo unalihitaji kwa pendekezo la mwisho.

Cha pili ni ripoti ya TikTok yenyewe. Kwa robo ya pili ya 2024 walisema wamefunga akaunti zaidi ya 60,000 Kenya, na zaidi ya 57,000 kati yake walishuku ni za watoto chini ya miaka 13. Yaani katika kila akaunti 20 zilizofungwa, karibu 19 ni za watoto ambao hata kanuni za TikTok haziwaruhusu kuwa pale. Sasa angalia usiisome vibaya. Haisemi watoto 57,000 walidhurika, inasema walikuwepo na wakakamatwa. Wala haisemi ni wangapi hawakukamatwa. Kinachothibitika ni kimoja: mtoto anapoulizwa umri anadanganya, na kile kisanduku cha kuandika mwaka wa kuzaliwa hakizuii mtu. Uandike hivyo hivyo. Afisa akiona umeipa namba maana inayostahili tu, na zile namba zako za Likoni atazipa heshima.

Kosa moja la lugha nalo limeua nyaraka nyingi. Maneno kama "machafu", "kinyume na maadili yetu", "yasiyofaa" yaweke mbali. Si kwamba hayana ukweli, ni kwamba wanasheria wa Mamlaka wanayaogopa. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, kwa kesi ya Geoffrey Andare, ilifuta kifungu cha 29 cha sheria yetu ya mawasiliano kwa sababu maneno yake yalikuwa mapana mno, mtu hawezi kujua kabla kama anavunja sheria. Tangu hapo kila anayeandika kanuni anajiuliza kama itasimama mahakamani. Na katiba kifungu cha 34 inalinda uhuru wa vyombo vya habari. Kwa hivyo tumia kipimo ambacho tayari kipo: "maudhui ambayo Kanuni za Vipindi haziruhusu kati ya saa 11 alfajiri na saa 4 usiku". Hujabuni uchafu mpya, umeshika rula yao wenyewe na umepima upande mwingine wa ukuta.

Mapendekezo sasa. Kila moja liwe na nani, afanye nini, kwa mamlaka gani, lini, na tutajuaje kafanya. Kukikosekana kimoja, hilo si pendekezo, ni dua.

La kwanza ndilo kubwa. Mamlaka iongeze sharti kwenye leseni za utangazaji, kwamba stesheni ikiweka mtandaoni, kwa ukurasa wake rasmi, kipande cha kipindi kilichorushwa baada ya saa 4 usiku, ama matangazo yake ya moja kwa moja ya kipindi hicho, iwashe kizuizi cha umri kilichopo kwenye jukwaa hilo. Nasema sharti la leseni makusudi. Ukiomba kanuni mpya, sheria ya 2013 inayosimamia utungaji wa kanuni inataka maoni ya wananchi, tathmini ya athari, kisha ipelekwe bungeni, utasubiri mpaka huyo mtoto awe na ndevu. Ukiomba mwongozo tu, mwongozo hauna meno. Sharti la leseni liko katikati, linaweza kuingia wakati leseni inapohuishwa ama kwa waraka wa Mamlaka baada ya kuzungumza na stesheni.

Hapa stesheni watakuja na hoja mbili, na ni vizuri waraka uzijibu kabla hazijasemwa. Watasema Kanuni ni za hewani, mtandaoni hazihusu. Ni kweli kabisa, ziliandikwa kwa ajili ya redio na tivii za bure, ndio maana hatusemi wamevunja Kanuni, tunaomba sharti jipya. Usije ukaandika kwamba "wanavunja sheria", wakili wao atakula hiyo sentensi na waraka wote utaonekana wa watu wasiojua. Hoja ya pili hawataisema kwa sauti lakini ndiyo yenyewe: YouTube ikishaiwekea video kizuizi cha umri, matangazo ya biashara yanapungua au yanakwisha kabisa, na haipendekezwi kwa watu kama nyingine. Kwa hivyo kila klipu ya kitandani inayofungiwa ni pesa. Ndio sababu hakuna stesheni itakayoanza peke yake, atakayeanza atapoteza kwa jirani. Ukieleza hivyo, mdhibiti anaona kwa nini ni lazima yeye aingilie: wote wakilazimika kuwasha kizuizi siku moja, hakuna anayepoteza kwa mwenzake. Na hakuna kinachofutwa. Mtu mzima anayetaka kutazama anaingia kwa akaunti yake anatazama. Hilo ndilo litakalowatuliza watu wa kifungu cha 34.

Kazi yenyewe ya kuwasha haichukui muda, ni kuchagua mstari mmoja kwenye ukurasa wa kupakia video, wakati wanaandika kichwa. Tutajuaje kafanya? Njia ile ile mliyotumia nyinyi, dirisha la faragha, siku 14, mara mbili kwa mwaka, na Mamlaka itoe matokeo kwa jina la stesheni. Nyinyi mshatengeneza kipimo, wao wakiendeleze tu.

Na useme mipaka yake mwenyewe. Mpwa wangu alikuwa na simu ya mamake, na simu ya mamake iko ndani ya akaunti ya mamake mwenye miaka 36. Kizuizi kingemuona ni mama. Hapo ndipo lile swali la "simu ya nani" linapokuja, kama watoto wengi wa Likoni wanatumia simu ya mzazi, pendekezo la kwanza litapunguza tatizo, halitalimaliza, na ni bora uandike wewe kuliko waligundue wao.

La pili ni kwa kampuni za simu. Mwaka 2025 Mamlaka ilitoa mwongozo wa sekta wa kulinda watoto mtandaoni, ukawapa watoa huduma miezi sita ya kujipanga. Ndani yake kuna jambo zuri, kwamba anayesajili laini aseme kama itatumiwa na mtoto. Sasa usiombe kitu kipya, uliza hiki kimefika wapi. Tuma watu wanne wa kamati, kila mmoja aende kwa wakala tofauti kusajili laini ama kuuliza tu utaratibu, waandike kama waliulizwa swali hilo. Mkipata wote wanne hawakuulizwa, si utafiti wa kitaifa, lakini ni swali zito kwa aya mbili. Pendekezo lenyewe: Mamlaka tayari hutoa ripoti ya takwimu za sekta kila robo mwaka, laini ngapi, data kiasi gani. Waongeze mstari mmoja, laini zilizotajwa kuwa za watoto, kwa kila kampuni. Gharama yake ni ndogo, na kampuni ambayo mstari wake ni sifuri robo tatu mfululizo itajieleza yenyewe.

Ila usiombe kampuni za simu "zizuie video mbaya". Haiwezekani, na ukiiomba watajua hujui. Mawasiliano ya hizi apu yamefungwa kwa usimbaji, kampuni ya simu inaona kwamba simu yako inaongea na YouTube, haioni unatazama mahubiri au kitu kingine. Inaweza kufunga tovuti nzima ya ngono kwa laini ya mtoto, hilo sawa liombe. Kuchagua video moja ndani ya jukwaa ni kazi ya jukwaa.

La tatu fupi. Kwa vile watoto hawaripoti, stesheni hizo hizo zitangaze 116 kwa Kiswahili cha kawaida, ndani ya vipindi ambavyo watoto na mama zao wanasikiliza kweli, si saa tisa usiku. Na Mamlaka iwaandikie majukwaa kuomba takwimu za Kenya peke yake, pamoja na wana wakaguzi wangapi wanaoelewa Kiswahili na sheng. BBC walipochunguza TikTok huku kwetu, Machi 2025, moja ya mambo yaliyotoka ni vijana kujinadi kwenye laivu kwa maneno ya mafumbo, na mashine au mkaguzi wa mbali haoni kitu hapo, anaona watu wanapiga soga. Hapa ni kuomba, si kuamuru, uandike "iombe". Usiandike "ilazimishe".

Kuhusu umbo, kurasa mbili, herufi zisomeke. Juu kabisa ile sentensi ya namba, chini yake mapendekezo matatu kwa mistari michache, kisha ushahidi, kisha mipaka ya ushahidi wenu. Ndiyo, mapendekezo kabla ya ushahidi, mkubwa akisoma nusu ukurasa tu awe ameshajua mnataka nini. Jedwali la klipu liende kama kiambatisho. Msiweke jina la mtoto, la mzazi, wala la shule kwa njia itakayomtambulisha mtoto, na majina ya zile stesheni tano yaweke kwenye kiambatisho tu, kwa herufi A mpaka E huko mbele, manake mkiwataja mwanzo mjadala utageuka kuwa wa stesheni fulani na kampuni fulani badala ya sharti.

Ukimaliza, mpe mtu ambaye hakuwa kwenye kamati asome, halafu mfunike karatasi umuulize Mamlaka inaombwa ifanye nini. Akiweza kuyataja matatu, piga chapa. Nakala moja peleka kwa mkono ofisi yao ya kanda hapo Mombasa igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, nyingine kwa barua pepe, nakala ya tatu kwa KFCB wajue. Hesabu siku 30 tangu tarehe ya muhuri, ya 31 uandike kuuliza afisa gani anashughulika nao na kwa namba gani ya faili. Ukishapata namba ya faili nitumie, nitakwambia barua inayofuata inaandikwa vipi.